Futa lipi? Barua ya wakili isiyotaja neno

Barua ya kwanza ilifika kwa mwandikiwa saa nne asubuhi, na kabla ya adhuhuri ilikuwa imeshapigwa picha na kuwekwa Facebook. Juu yake mwandikiwa aliandika: "Maneno gani, wakili? Mie nina posti zaidi ya mia tatu humu." Ngamiani nzima, hapa Tanga mjini, ikacheka. Kufika alasiri, watu ambao hawakuwa na habari na ugomvi wenyewe walikuwa wanaulizana mtuhumiwa ni nani na kala kiasi gani.

Barua hiyo sikuiandika mimi. Ililetwa kwangu siku chache baadaye na mama aliyeilipia, imekunjwa mara nne ndani ya mkoba. Nimebadilisha baadhi ya mambo ili asijulikane, lakini kiini nimekiacha kama kilivyokuwa, kwa sababu kosa lililofanyika humo naliona katika barua nyingi zinazotoka ofisi za mawakili hapa Tanga, na sidhani kama kwingine hali ni tofauti sana.

Yule mama ni mweka hazina wa kikoba cha wanawake 30. Aliyeposti ni mwanachama mwenzake. Posti ilisomeka hivi: "Kikoba chetu kimeliwa. Mama miwani wa barabara ya tisa kala milioni nne na laki mbili zetu, kitabu kaficha, na darsani anakaa mstari wa mbele kama hajui kitu. Mtu huyu hafai hata kushika funguo za choo. Mwenye macho haambiwi tazama."

Sasa soma barua iliyotumwa kujibu maneno hayo. Ilisema mteja ni mtu mwenye heshima kubwa katika jamii, kwamba amekashifiwa "kwa maneno ya uongo na ya kudhalilisha katika mitandao ya kijamii", kwamba mwandikiwa ayafute mara moja, aombe radhi na alipe shilingi 150,000,000 ndani ya saa 24, la sivyo atashtakiwa kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao. Ilikuwa na mhuri mkubwa na sahihi ya kupinda. Hakuna hata neno moja la posti lililotajwa. Hakuna tarehe, hakuna jina la akaunti, wala haikuelezwa uongo wenyewe uko wapi.

Ukiniuliza mimi, barua ya namna hii ni hatari kwa mteja kuliko kukaa kimya. Kwanza, mwandikiwa anaweza kusema kwa haki kabisa kwamba hajui afute nini. Pili, barua hiyo siku moja inaweza kuwekwa mezani kwa hakimu, na hakimu atauliza swali lile lile la Facebook: maneno gani? Katika kesi ya kashfa maneno ndiyo kesi. Hati ya madai inatakiwa iyabebe kama yalivyoandikwa, si kwa muhtasari wa wakili. Wakili asiyeyaweka kwenye barua mara nyingi ni wakili ambaye hajayasoma sawasawa. Ameyasikia kwa mteja aliyekuwa analia.

Kwa hiyo barua ya pili nilianza na maneno yenyewe, yote, ndani ya alama za kunukuu, kwa Kiswahili chake, "kala" ikibaki "kala" na "kaficha" ikibaki "kaficha". Wapo mawakili wanaoona aibu kuandika lugha ya barazani kwenye karatasi yenye nembo ya ofisi, basi huisafisha: "ulidai kwamba mteja wetu alifuja fedha". Hakudai hivyo. Alisema kala. Kufuja ni kutumia vibaya, kula ni wizi, na tofauti hiyo ndiyo inayouma. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 na Kiswahili kikafanywa lugha ya mahakama, hata kisingizio cha tafsiri hakipo tena.

Baada ya maneno huja mahali. "Kwenye mitandao ya kijamii" si mahali, kama vile "Tanga mjini" si anwani. Niliandika jina la akaunti kama linavyoonekana, jina la kundi la Facebook ilimowekwa posti, siku na saa ya kuposti, na linki ya posti yenyewe. Hapo wengi hukosea kwa kunakili linki ya ukurasa wa mtu, ambayo leo inaonyesha hiki na kesho kile. Kwenye Facebook ukibonyeza saa iliyoandikwa chini ya jina la aliyeposti, posti inafunguka peke yake na linki yake mwenyewe. Hiyo ndiyo inayotakiwa. Na posti ikiwa imehaririwa, Facebook huonyesha historia ya uhariri wake. Ipigwe picha nayo, maana mtu huweza kuongeza jina au kupunguza tarakimu baada ya kusikia kwamba umekwenda kwa wakili.

Kuna jambo hapa ambalo wateja hulishangaa. Barua inamtaka mtu afute kitu ambacho ndicho ushahidi wako. Akitii ndani ya dakika tano na wewe hukuhifadhi chochote, umejishinda mwenyewe. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaikubali taarifa ya kielektroniki mahakamani, lakini uzito wake unapimwa kwa namna ilivyotengenezwa, ilivyotunzwa, na kama haijaguswa. Picha ya skrini iliyokatwa kingo, isiyo na tarehe, iliyopita kwenye simu sita za WhatsApp kabla ya kufika ofisini, ina maswali mengi kuliko majibu. Nilimwomba binti wa yule mama afungue kundi kwenye simu yake mwenyewe na kurekodi skrini kwa mwendo mmoja bila kukata: kutoka jina la kundi, kwenda kwenye posti, kwenda kwenye wasifu wa aliyeposti, kushuka kwenye maoni, mpaka mwisho. Simu ile isiuzwe wala isifutwe. Yeye aliyerekodi ndiye atakayekuja kueleza alichokiona. Mimi siwezi kuwa shahidi wa simu ya mtu. Siku tatu zilipita katika shughuli hiyo na mama alinung'unika, "Mwanangu, mtu anachomeka wewe unapiga picha moto?" Nilimwambia ndiyo.

Kisha linakuja suala la nani kasemwa, na Tanga suala hili lina utamu wake. Hapa mji wa mafumbo. Mtu anaweza kumsema jirani kwa jina la kanga alilovaa, na mtaa mzima ukajua. Posti yetu haina jina. Wakili mvivu huandika "ulimtaja mteja wetu", na mwandikiwa hujibu, "Mama miwani wako wengi, mbona umejihisi?" Ndipo mteja anapoonekana kama aliyejivika kofia mwenyewe.

Fumbo linafumbuliwa kwa ushahidi wa wasomaji, si kwa hasira ya aliyefumbwa. Niliandika kwamba kikoba kinachotajwa kina mweka hazina mmoja tu, kwamba anaishi barabara ya tisa na huvaa miwani, kwamba kundi lile lina wanakikoba ndani yake, na kwamba chini ya posti watu watatu waliandika jina lake analojulikana nalo mtaani, mmoja akauliza "Ndiye yule?" na mwandikiwa akajibu kwa alama ya kidole gumba. Kidole gumba kile kilikuwa na thamani kuliko aya tatu za sheria.

Nikafika kwenye kiini. Nikiambiwa nichague sentensi moja tu ya kubaki kwenye barua ya namna hii, nitachagua inayosema uongo ni upi na kweli ni ipi. Barua nyingi husema "maneno hayo ni ya uongo" na kupita. Lakini posti moja huwa na mambo ya aina tatu yaliyochanganyika kama pweza na viazi chunguni: kuna madai yanayoweza kuthibitishwa, kuna maoni, na mara nyingi kuna ukweli kidogo. Usipoyatenganisha wewe, mwandikiwa atayatenganisha kwa faida yake.

Tuanze na dai. "Kala milioni nne na laki mbili" linapimika. Wanachama 30, kila mmoja akiweka hisa ya shilingi 5,000 kwa wiki, kwa wiki 28: ni 4,200,000 kamili. Kwa hiyo aliyeposti hakuokota tarakimu barabarani. Alipiga hesabu ya michango yote na kudai imeliwa yote. Hesabu ya kitabu ilikuwa hivi: wanachama tisa wamekopa 400,000 kila mmoja, jumla 3,600,000, na sahihi zao zipo. Zilizobaki 600,000 zimo sandukuni. (Faida ya mikopo nimeiacha nje ili hesabu isitusumbue.) Sanduku lina kufuli tatu na funguo zake wanashika watu watatu, mweka hazina akiwa si mmoja wao, kama vikoba vingi vinavyofanya makusudi ili asiweze kulifungua peke yake. Mambo hayo yote yaliingia kwenye barua kwa sentensi nne, bila matusi. Mtu anayesoma barua hiyo akiiweka Facebook atakuwa anatangaza hesabu ya mteja wangu bure.

Kisha ukweli kidogo. Nilimuuliza mama, "Bi mkubwa, hilo la kitabu vipi?" Akatazama pembeni. Kitabu kweli hakikufika mkutanoni Jumapili mbili mfululizo. Alikuwa msibani Muheza, kitabu kimefungiwa kabatini kwake, na hakumwachia mtu ufunguo. Alitaka niandike kwamba hilo nalo ni uongo. Nilikataa. Niliandika kwamba ni kweli kitabu hakikuwepo kwenye mikutano hiyo miwili, kwamba sababu yake ilikuwa msiba, na kwamba neno "kaficha" linabeba maana ya kukusudia kuzuia hesabu isionekane, maana ambayo si ya kweli kwani kitabu kilifunguliwa mbele ya wote Jumapili ya tatu. Wakili akikana kila kitu na kimoja kikathibitika, msomaji ataona na vingine ni vya kweli. Kukubali dogo kulinipa nguvu ya kukana kubwa.

Na maoni? "Hafai hata kushika funguo za choo" ni tusi, linaudhi, na mama alilichukia kuliko yote. Lakini ni rai ya mtu. Nani anafaa kushika funguo ni jambo ambalo kila mwanachama ana haki ya kuwa na neno lake, hata likiwa chungu. La mstari wa mbele darsani vile vile. Ni kejeli, na kweli anakaa mstari wa mbele. Nikayaacha yote mawili nje ya madai, nikaeleza hivyo waziwazi: "Hatukutaki uondoe maoni yako kuhusu uwezo wa mteja wetu kuongoza." Mama alinuna. Lakini sentensi hiyo ndiyo inayomwonyesha msomaji yeyote, awe hakimu au mjomba wa mwandikiwa, kwamba hatumzibi mtu mdomo.

Kuhusu vifungu vya sheria, mimi ni mchoyo navyo katika barua. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inaeleza kashfa, katika kifungu cha 35, kuwa ni jambo ambalo likichapishwa linaweza kumshushia mtu heshima kwa kumfanya achukiwe, adharauliwe au achekwe, au kumharibia kazi yake. Maelezo hayo yanasaidia kuelewa. Lakini vifungu vya kashfa vya sheria hiyo viliwahi kukosolewa na Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki mwaka 2019, na barua inayojengwa juu ya namba ya kifungu hukaa juu ya mchanga. Inatosha kusema kwamba maneno yanamwita mteja mwizi wa fedha za wenzake, na kwamba kwa mtu anayeshika hazina hakuna doa kubwa kuliko hilo.

Kinachonikera zaidi ni Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kifungu chake cha 16, kinachohusu kuchapisha taarifa za uongo, kina adhabu ya kutisha: faini isiyopungua shilingi milioni tano, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote. Ndiyo maana mawakili hukipenda kama pilipili. Lakini kosa la jinai si mali ya wakili wala ya mteja wake, na kusema "nilipe milioni 150 au nikupeleke polisi" ni kuuza jinai kwa bei ya fidia. Anayeandika hivyo anajiweka yeye pabaya kitaaluma, na anampa mwandikiwa nafasi ya kulia kwamba anatishwa ili atoe pesa. Barua yangu ilitaja hatua moja tu: shauri la madai ya fidia na zuio mahakamani. Muda wa kufungua shauri la namna hiyo ni miaka mitatu, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kuandika kana kwamba jua linazama.

Fedha sikutaja kiasi. Fidia ya jumla kwa kashfa hukadiriwa na mahakama. Tarakimu kubwa haithibitishi maumivu makubwa, na kwa mtu anayeuza vitumbua, shilingi milioni 150 ni kichekesho. Nilisema tu kwamba haki ya kudai fidia imebaki, na kwamba kuondoa posti na kusahihisha mapema kutazingatiwa. Kwa mtu anayetaka kutoka, huo ni mlango.

Madai yenyewe yalikaa katika aya moja ambayo mtu angeweza kuitekeleza akiwa na simu mkononi. Aondoe posti yenye linki hii, na maoni yake mawili chini yake, kufikia Alhamisi saa 12 jioni; barua alipokea Jumanne asubuhi. Asiyarudie madai hayo kwa maandishi wala sauti. Kufikia Jumanne inayofuata aweke sahihisho katika kundi lile lile, na likae siku saba. Akiona sisi ndio tumekosea, alete anachokitegemea kwa maandishi ofisini kufikia siku hiyo hiyo. Hilo la mwisho wengi hulisahau, na bila hilo barua ni amri tu.

Sahihisho nililiandika mimi na kuliambatisha, maana ukimwambia mtu "omba radhi" bila maneno utaletewa "samahani kama kuna aliyeumia". Lilikuwa fupi: "Tarehe fulani niliandika kwamba mweka hazina wa kikoba chetu amekula shilingi 4,200,000. Si kweli. Fedha zipo katika mikopo ya wanachama na sandukuni. Naomba radhi kwake." Sikumlazimisha kumsifu mama wala kusema yeye mwenyewe ni mwongo. Kadiri sahihisho linavyomdhalilisha anayelitoa ndivyo linavyokawia kutolewa.

Kuna neno moja nililolifuta kwenye rasimu ya karani wangu. Juu kabisa alikuwa ameandika, kwa mazoea, yale maneno ya Kiingereza yenye maana ya "bila kuathiri haki". Maneno hayo huwekwa kwenye barua za kusuluhishana, na kazi yake ni kuzuia barua isitumike mahakamani. Sisi tulitaka itumike. Tulitaka siku moja tuweze kusema: alielezwa neno kwa neno, akapewa muda, akaendelea. Kwa sababu hiyo hiyo ilipelekwa kwa mkono na akasaini kwenye kitabu cha kupokelea, kisha nakala ikatumwa WhatsApp kama nyongeza tu. Tiki mbili za bluu zinaonyesha simu imefungua. Nani alikuwa ameishika ni mjadala mwingine.

Alhamisi saa tatu kasoro usiku, karibu saa tatu baada ya muda niliompa, posti ilitoweka. Jumatatu sahihisho likawekwa, neno kwa neno, na akaongeza mwenyewe kwamba kitabu kweli hakikuletwa mara mbili. Alikuwa na haki ya kuongeza.

Wiki iliyofuata mama alinipigia simu. Sauti ya WhatsApp ya sekunde 40, ya yule yule mwanachama, ikisema mambo yale yale, bado ilikuwa inazunguka kwenye kundi la kikoba lenyewe. Ilikuwa imerekodiwa siku mbili kabla ya posti. Mama aliitaja siku ya kwanza alipokuja ofisini, nami nikiwa nimezama kwenye Facebook sikuiandika popote. Nilimpigia mwandikiwa, nikamwomba kwa adabu aiondoe. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Wakili, barua yako ninayo hapa mbele yangu. Hiyo hukuiandika."

Nikarudi mezani kuandika ya tatu.